Tangazo la siku ya uchunguzi wa mlango wa kizazi: kuandika bei na walengwa bila kumtisha msomaji

Mama mmoja alisimama mbele ya meza yangu ya mapokezi, simu mkononi, tangazo letu likiwa wazi kwenye kioo. Alikuwa ametoka chumba cha uchunguzi muda si mrefu. Muuguzi alikuwa ameona baka jeupe kwenye mlango wa kizazi chake, jambo ambalo linatibika palepale, na alikuwa amemweleza vizuri kabisa. Kilichomleta kwangu ni karatasi ya malipo ya tiba.

“Sista, hapa mmeandika bure,” alisema, akinionyesha neno hilo lilivyokolezwa rangi nyekundu.

Nilimjibu kuwa kipimo ndicho kilichokuwa bure, tiba inalipiwa. Akasema atarudi akipata hela. Kadi yake ilikaa kwenye droo yangu miezi mitatu, nikampigia mara nne, na hakurudi. Tangazo lile nililiandika mimi. Kila sentensi yake ilikuwa kweli, lakini lilimfikisha mama yule katikati ya njia na kumwacha hapo.

Tangu siku ile naandika matangazo ya siku za uchunguzi kwa namna nyingine, na hapa naeleza namna hiyo hatua kwa hatua. Nimechukua uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi kwa sababu ndio wenye mitego mingi: jina la ugonjwa linatisha, kipimo kinagusa sehemu ya siri, na walengwa wake si kila mwanamke. Baadhi ya zahanati huufanya karibu na tarehe 17 Novemba, siku ambayo mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilizindua mkakati wa kuutokomeza ugonjwa huu.

Hatua ya kwanza: tembea njia yote kabla ya kuandika neno

Usianze na karatasi. Anza kwa kukaa na watu wawili, yule anayefanya kipimo na yule anayepokea fedha, kisha waulize wakusimulie safari ya mwanamke mmoja tangu anapoingia mlangoni mpaka anapomaliza kila kitu, hata kama kumaliza huko ni mwaka unaofuata.

Jambo la kwanza utakalolijua ni kipimo gani hasa kinatolewa, maana walengwa, muda wa kusubiri majibu na bei vyote vinatoka hapo. Kipimo cha siki kinafanywa hivi: muuguzi anaingiza spekula, kile kifaa cha kufungua uke taratibu, anapaka asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5 kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja au zaidi kidogo, kisha anaangalia kama kuna sehemu iliyogeuka nyeupe. Majibu ni papo hapo. Kipimo cha virusi vya HPV, vile vinavyoleta saratani hii, ni tofauti: kinachukuliwa kwa kijiti chenye pamba, mwanamke anaweza hata kujichukulia mwenyewe, na sampuli inakwenda maabara. Ni kipimo kizuri zaidi, na ndicho Shirika la Afya Duniani linachokipendekeza, lakini mara nyingi majibu yanachukua siku kadhaa, na atakayekutwa na virusi itabidi arudi. Kwa hiyo tangazo la HPV lazima liseme tangu mwanzo kwamba huenda mtu akaja mara mbili. Mwanamke aliyeomba ruhusa kazini siku moja, ukimwambia siku hiyohiyo kuwa kuna safari ya pili, atahisi umemficha kitu.

Hapa nitachukua mfano wa zahanati ndogo yenye kipimo cha siki, na yenye kifaa cha tiba joto, yaani kile kinachounguza sehemu yenye mabadiliko kwa dakika chache. Wenye tiba mgando, inayogandisha badala ya kuunguza, njia yao ni ileile.

Jambo la pili ni idadi ya nafasi. Muuguzi mmoja anahitaji kama dakika 20 kwa kila mwanamke akimpa nafasi ya kuuliza, kuvua na kuvaa. Kwa saa 6 za kazi, hao ni wanawake 18. Ukiandika “wote mnakaribishwa” na wakaja 60, muuguzi atapunguza maelezo ili awahi foleni, na maelezo yale ndiyo yaliyokuwa yakimtuliza mtu. Andika nafasi 18 na namna ya kuziweka.

Hatua ya pili: walengwa, kwa maneno ambayo mtu anajiona mwenyewe

Neno “wanawake wote” linaonekana la upendo, lakini linamfanya binti wa miaka 19 apoteze siku, na linamfanya bibi wa miaka 63 apimwe kwa kipimo kisichomfaa. Baada ya hedhi kukoma, ile sehemu ya mlango wa kizazi ambako mabadiliko huanzia hurudi ndani na jicho halifiki, kwa hiyo siki inaweza kuonyesha pasafi mahali ambapo hapakuonekana kabisa. Kwa mama kama huyo kipimo cha HPV kinafaa zaidi, hasa kama hajawahi kupimwa maishani, naye asifungiwe mlango. Mwambie kwenye tangazo apige simu aelekezwe.

Umri unaotumika kwa wanawake walio wengi ni miaka 30 hadi 49. Wizara ya afya ya nchi yako inaweza kuwa na umri wake, na huo ndio utakaouandika. Eleza na sababu, kwa sentensi moja, kwa sababu binti wa miaka 24 asipoijua atadhani amenyimwa: maambukizi ya HPV kwa vijana ni ya kawaida sana, na mengi huondoka yenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo kuwapima mapema kunaibua mambo ambayo mwili ungeyamaliza peke yake.

Kisha kuna kundi ambalo linanifanya nikae muda mrefu na kalamu. Wanawake wanaoishi na VVU wanashauriwa kuanza uchunguzi wakiwa na miaka 25, na kurudia mara kwa mara zaidi. Ni haki yao kulijua hilo. Lakini ukiandika “miaka 30 hadi 49, au miaka 25 kwa wanaoishi na VVU”, halafu mezani ukauliza umri kwa sauti, kila dada wa miaka 27 anayejiandikisha umeshamtangaza mbele ya foleni. Niliona hilo likitokea, na yule dada aligeuka akaondoka bila kusema neno. Dawa yake ni ndogo. Mapokezi yachukue jina na saa tu. Umri na mengine yote yaulizwe chumbani, mlango ukiwa umefungwa, na tangazo liseme hivyo waziwazi. Msomaji akijua hatahojiwa hadharani, ile sentensi ya VVU anaisoma kama taarifa ya kawaida.

Usitumie hali ya ndoa kama kigezo. “Wanawake walioolewa” inawaacha nje wajane, walioachika na wengine wengi. Kigezo cha kweli ni kama mwanamke amewahi kujamiiana, na kinaweza kuandikwa hivyohivyo bila kupambwa.

Wapo pia wanaopaswa kuja siku nyingine, na hao waambiwe kwa upole wa kawaida: aliye kwenye hedhi aje ikiisha, mjamzito asubiri mpaka baada ya kujifungua na aulize kliniki yake lini. Aliyechanjwa dhidi ya HPV bado ni mlengwa umri ukifika, kwa kuwa chanjo haizuii aina zote za kirusi. Aliyeondolewa kizazi chote pamoja na mlango wake kwa sababu isiyo saratani wala mabadiliko yanayoitangulia hahitaji kipimo hiki.

Mwisho wa sehemu hii weka mstari ambao kwangu una uzito kuliko mingine yote. Uchunguzi wa siku kama hii ni wa mtu asiye na dalili. Anayetoka damu baada ya tendo la ndoa, au katikati ya mwezi, au baada ya kukoma hedhi, au ana uchafu wenye harufu usioisha, anahitaji kuonwa na daktari wiki hii, ofa au bila ofa. Mwaka mmoja alikuja mama ambaye alikuwa akitokwa damu kwa miezi mitano. Nilipomuuliza kwa nini hakuja mapema, alisema aliona tangazo letu la mwaka uliotangulia, akajua siku ya bure itarudi, akaisubiri. Tangazo letu lilikuwa limemfundisha kusubiri.

Mstari huo nao unaweza kutisha ukiandikwa vibaya. “Dalili hizi ni za saratani” si kweli hata kidogo. Nyingi zinatokana na maambukizi ya kawaida, uvimbe usio na madhara, au mabadiliko ya homoni. Andika: “Dalili hizi zina sababu nyingi, na nyingi zinatibika kirahisi. Usisubiri siku hii. Njoo siku yoyote uonwe na daktari.”

Hatua ya tatu: bei, mpaka mwisho wa njia

Hapa nitatumia namba za mfano tu, wewe weka fedha zako. Tuseme siku za kawaida zahanati inatoza 20 kumwona muuguzi, 40 kwa kipimo, na 10 kwa vifaa vya kutumia mara moja. Jumla ni 70. Tiba joto, ikihitajika, ni 90.

Kwa siku ya uchunguzi, mwenye zahanati anasema: “Andika kipimo 20, nusu bei!” Kweli, kipimo kimeshuka kutoka 40 hadi 20, ila mwanamke akifika dirishani atadaiwa 20 ya kumwona muuguzi na 10 ya vifaa, kwa hiyo 20 yake imekuwa 50. Hakudanganywa, lakini amekuja na 20 mfukoni. Bei ya kwenye tangazo iwe ile ambayo mtu ataitoa mkononi. Kama mmekubaliana 40, basi iwe 40 kwa kila kitu, na tangazo litaje hivyo vitu: kumwona muuguzi, kipimo, vifaa, na majibu yaliyoandikwa kwenye kadi.

Baada ya hapo andika bei ya hatua inayofuata. Wenye zahanati wengi hulikataa hili mwanzoni, wanaona kutaja tiba kunatisha. Uzoefu wangu umekuwa kinyume. Msomaji mwenye akili timamu anapoona “kipimo 40” tu, swali linalobaki kichwani mwake ni “na nikikutwa nacho je?”, na kwa kuwa hakuna jibu, anajitengenezea bei kubwa isiyo na mwisho. Tiba ikiwa na namba, hofu hiyo inakuwa jambo la kupanga. Mnaweza kusema tiba joto kwa ofa hii ni 60, na bei hiyo inabaki kwa siku 30 tangu tarehe ya kipimo. Siku 30 hizo ni muhimu, kwani mtu aliyeambiwa sasa hivi kuwa ana baka jeupe asilazimishwe kuamua kwa sababu ofa inaisha saa kumi jioni.

Kisha jumlisha kwa niaba yake: “Kiasi cha juu kabisa unachoweza kulipa kwetu siku hiyo ni 100.” Ni 40 na 60. Sentensi hii moja ilipunguza simu za kuuliza bei kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika.

Kama zahanati inaweza, iko njia bora zaidi. Fungua daftari la miaka iliyopita uone katika kila wanawake 18 wangapi walihitaji tiba. Tuseme mnaona kama wawili. Tiba mbili kwa bei kamili ni 180. Ukigawanya 180 kwa wanawake 18, kila mmoja anaongeza 10. Kwa hiyo badala ya 40 kila mtu analipa 50, tiba ikiwa ndani, na hakuna atakayesimama dirishani kwangu na karatasi ya pili. Hatari yake ni kwamba wakitokea watano badala ya wawili, zahanati inabeba tofauti ya 270. Wengine wanaikubali, wengine hapana, na sitawalaumu.

Zipo gharama zisizo zenu. Baka likiwa kubwa, au likiingia ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi, au likionekana la kutia shaka, tiba joto haifai na mwanamke anapewa rufaa ya hospitali ili achukuliwe kinyama cha kupimwa. Hospitali ina bei zake. Usizikisie. Andika kwamba hutokea kwa wachache, kwamba barua ya rufaa ni bila malipo, na kwamba mtampigia simu hospitali mkiwa naye ili ajue atalipa nini kabla hajaondoka. Andika hilo tu kama kweli mtalifanya.

Mwisho wa bei, sema na bei ya siku za kawaida, na useme kuwa aliyekosa siku hii hajapoteza kitu kiafya. Mabadiliko ya mlango wa kizazi, kwa mwanamke ambaye kinga yake ya mwili iko sawa, huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani. Kwa aliye na kinga dhaifu, huweza kuwa miaka 5 hadi 10. Kwa mtu asiye na dalili, kupima wiki ijayo ni sawa na kupima leo. Maneno kama “wahi kabla hujachelewa” na “nafasi za mwisho” yanachanganya kuisha kwa ofa na kuisha kwa uhai. Ofa ina tarehe, basi taja tarehe.

Hatua ya nne: maneno yanayotisha, na yanayotuliza kwa uongo

Ondoa idadi ya vifo. Ni ya kweli, ina mahali pake kwenye mikutano ya bajeti, lakini mwanamke anayeamua kama aje Jumamosi haimsaidii kuamua. Ondoa picha ya mgonjwa kitandani. Ondoa “muuaji wa kimya”.

Halafu ondoa na “usiogope”. Najua linatoka kwenye moyo mwema, ila mtu ambaye hakuwa anaogopa akilisoma huanza kutafuta cha kuogopa. Nafasi yake iwekwe maelezo ya kitakachofanyika, kwa dakika. Kipimo chenyewe ni kama dakika 5. Utasikia mgandamizo spekula ikiingia, na siki inaweza kuwasha kidogo. Kuna muuguzi mwanamke, kama yupo kweli. Unaweza kusema “simama” wakati wowote, naye atasimama. Unaweza kuja na dada au rafiki akae nawe.

Eleza maana ya majibu kabla majibu hayajaja. Baka jeupe lina maana kuna chembe zilizobadilika au zilizowashwa na kitu, na kwa wengi si saratani. Linatibiwa ili lisije likawa saratani. Kwa upande mwingine, majibu safi hayana maana kuwa basi milele: kwa siki, uchunguzi unarudiwa kila baada ya miaka 3. Wanaotumia HPV, kwa mwanamke asiye na VVU ni miaka 5 hadi 10, na kwa anayeishi na VVU miaka 3 hadi 5. Kwenye tangazo weka muda wa kipimo chenu tu, mengine yatamchanganya msomaji.

Angalia pia neno “umekutwa”. “Ukikutwa na tatizo” linasikika kama kukamatwa. “Kama muuguzi ataona sehemu inayohitaji tiba” ni refu zaidi, lakini hakuna mshtakiwa ndani yake. Kwa sababu hiyohiyo usiandike kwamba ugonjwa unatokana na wapenzi wengi. Kirusi chenyewe huwapata wengi wa waliowahi kujamiiana, hata aliyekuwa na mwenzi mmoja maisha yake yote, na mke akionekana anakwenda kupima asije akaulizwa nyumbani amefanya nini.

Hatua ya tano: liandike

Hili ni tangazo la zahanati yetu ya mfano. Badili namba, tarehe na umri kulingana na kwenu.

*Uchunguzi wa mlango wa kizazi, Jumamosi saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Nafasi 18.*

*Ni kwa nani? Mwanamke wa miaka 30 hadi 49 aliyewahi kujamiiana, asiye na dalili yoyote, ambaye hajapimwa kwa miaka 3 iliyopita. Kwa anayeishi na VVU uchunguzi huanza akiwa na miaka 25. Mapokezi tunachukua jina na saa tu. Mengine utaongea na muuguzi chumbani. Aliyechanjwa naye anapimwa.*

*Ukiwa kwenye hedhi au mjamzito, tupigie tukupangie siku nyingine kwa bei hii hii. Ukiwa na miaka 50 au zaidi, au hedhi imekoma, tupigie tukuelekeze kipimo kinachokufaa.*

*Ukitoka damu baada ya tendo la ndoa, katikati ya mwezi au baada ya kukoma hedhi, usisubiri siku hii. Sababu ni nyingi na nyingi zinatibika kirahisi. Njoo siku yoyote uonwe na daktari.*

*Utalipa nini? 40 kwa kila kitu: kumwona muuguzi, kipimo, vifaa na kadi ya majibu. Majibu unayapata palepale. Muuguzi akiona sehemu inayohitaji tiba, tiba ni 60, siku hiyo au ndani ya siku 30, uamuzi ni wako. Kiasi cha juu kabisa utakacholipa kwetu siku hiyo ni 100. Wachache huhitaji hospitali. Barua ya rufaa haina malipo, na tutakuulizia bei za huko kabla hujaondoka.*

*Kipimo kikoje? Kama dakika 5. Muuguzi ni mwanamke. Anaangalia mlango wa kizazi baada ya kupaka siki maalumu. Utasikia mgandamizo na pengine kuwashwa kidogo. Unaweza kuja na mwenzako, na unaweza kumwambia asimame wakati wowote. Siku mbili kabla, usiweke dawa wala kuosha ndani ya uke, na usijamiiane.*

*Ukikosa nafasi, kipimo kipo kila siku za kazi kwa 70. Kwa asiye na dalili, kupima wiki nyingine ni sawa tu.*

Ni refu kuliko bango. Kwenye bango la ukutani weka aya ya kwanza, umri, mstari wa dalili, bei 40 na kile kiasi cha juu cha 100, kisha namba ya simu. Haya mengine yaende kwenye ujumbe wa simu na kwenye karatasi ya mapokezi. Mstari wa dalili usiutoe hata bango likibana. Toa nembo kwanza.

Hatua ya sita: lijaribu kwa watu watatu

Usiwape wafanyakazi wenzako. Tafuta mwanamke aliye ndani ya umri, mmoja aliye nje ya umri, na mwanamume mmoja ambaye mkewe au dada yake anaweza kuhusika. Wape dakika mbili wasome, kisha uchukue karatasi na uulize maswali matatu: hili linakuhusu wewe, au nani wako? Ungebeba kiasi gani? Kama muuguzi akiona baka, nini kinafuata?

Swali la pili ndilo linaloumbua. Mara ya kwanza nilipolijaribu tangazo la aina hii, msomaji wangu alijibu “mia na arobaini”. Alikuwa amejumlisha 40 na ile 100, kwa kuwa nilikuwa nimeandika tu “kiasi cha juu ni 100” bila kusema kuwa 40 imo ndani yake. Kwenye toleo lililofuata niliongeza mabano: “(40 ya kipimo na 60 ya tiba)”. Nawe ongeza kama wasomaji wako watateleza hapo. Mtu akijibu swali la tatu kwa kusema “basi nina saratani”, aya yako ya majibu haijafanya kazi, irudie.

Siku yenyewe

Weka daftari dogo pembeni ya simu. Kila anayepiga kuuliza kitu, andika swali lake kwa maneno yake. Swali likirudi mara tatu, ni pengo la tangazo, na unaweza kulirekebisha kabla ya siku kufika. Kwetu swali lililorudi zaidi halikuhusu saratani wala fedha: “Nije nimevaa nini?” Sasa tunaandika, sketi au gauni inarahisisha, na khanga ya kujifunika ipo.

Majibu yasitumwe kwa maandishi kwenye simu, maana simu za nyumbani zina wasomaji wengi. Ujumbe useme tu: “Tafadhali tupigie au pita tuongee kuhusu miadi yako.” Na kwa kila aliyeambiwa anahitaji tiba akachagua kurudi, andika kwenye kadi tarehe ya mwisho ya ile bei ya 60, kisha mpigie siku ya 20, akiwa bado ana siku 10 za kutafuta.

Mimi kadi hizo siziweki tena kwenye droo. Zinakaa juu ya meza, upande wa simu, kwa mpangilio wa tarehe.